Saa Iliyo Juu ya Kioo: Lipi Linakiliwe, Lipi Liachwe
Mazungumzo na wafanyabiashara wa Tsoka na wakazi wa Dzaleka



Wengi wenu mnasafiri kutoka Dzaleka, wilayani Dowa, hadi soko la Tsoka hapa Lilongwe kuuza na kununua, na malipo mengi siku hizi hupita kwenye simu. Ugomvi unapozuka, mlalamikaji hutuletea picha: kioo cha simu moja kilichopigwa picha kwa simu nyingine. Mara nyingi kijana anayejua Kiswahili na Kiingereza huombwa kuyaandika maneno ya picha ile kwenye karatasi, ili yaingie katika malalamiko. Leo tunataka kuzungumza na huyo mwandishi, na jambo letu ni dogo: yale maandishi ya juu ya kioo, yaani saa, alama za mtandao na betri, pamoja na arifa zinazoshuka ghafla. Lipi aliandike, lipi aliache?

Tuchukue mfano. Mwuza mitumba pale Tsoka amempa mteja mzigo wa kwacha 45,000. Mteja amesema, "Mama, nimeshakutumia," na kweli simu ya mama imelia. Mzigo umeondoka, lakini baadaye salio halina kitu. Jirani yake alikuwa amekipiga picha kioo cha simu ya mama. Juu kabisa panasomeka 14:52. Chini ya saa imeshuka arifa ya kundi la ibada, nayo imefunika mstari ambao jina la mtumaji huonekana. Kisha yafuata maneno "Umepokea K45,000", na chini yake "Dakika 6".

Tuanze na saa. Wengi huiacha kwa kudhani ni pambo la simu. Lakini ujumbe huu hauna saa yake. Una "Dakika 6" tu, maana yake dakika sita kabla ya picha kupigwa. Ukiiacha 14:52, hizo dakika sita hazina pa kushikwa. Ukiiandika, tunajua kuwa ujumbe uliingia yapata 14:46. Kwa hiyo kanuni ni hii: ikiwa ujumbe umeandikwa "sasa hivi", "dakika 6", "leo" au "jana", saa ya juu ni sehemu ya ushahidi, na tarehe pia kama inaonekana. Ikiwa ujumbe una tarehe na saa yake kamili, saa ya juu hutuambia tu picha ilipigwa lini. Iandikwe mara moja mwanzoni, isirudiwe.

Hata hivyo, msiigeuze saa. Kwa Kiswahili tutasema ilikuwa saa nane na dakika hamsini na mbili mchana, na hiyo ni sahihi mdomoni. Kwenye nakala andikeni 14:52 kama ilivyo, kwa sababu anayeandika "8:52" atasomwa na askari kuwa anasema asubuhi. Maelezo ya saa ya Kiswahili yakihitajika, yawekwe pembeni.

Kuna na tahadhari ya mpakani. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Malawi kwa saa moja. Zambia na Msumbiji saa zao ni sawa na yetu. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe, ikiwa karibu na mto Songwe, inaweza kunasa mtandao wa ng'ambo na kuruka saa moja mbele huku mwenyewe hajavuka. Ndiyo sababu jina la mtandao, au herufi R ya kutumia mtandao wa nje, linakiliwe kila picha inapohusu safari au mpaka. Katika mfano wetu wa Tsoka halibadilishi neno, basi laweza kuachwa. Betri nayo huachwa, isipokuwa picha ni kadhaa na mpangilio wake unabishaniwa. Alama ya ndege haiachwi kamwe pale mtu anapodai kuwa alituma fedha kwa simu hiyo, maana ni alama ya simu iliyokatwa mtandao wake wa kawaida.

Sasa tuje kwenye arifa, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mwandishi huona habari za ibada hazihusiani na kesi, akaziruka. Kisha, kwa kuwa anajua ujumbe wa namna hii hutoka kwa kampuni ya simu, akaandika jina la kampuni mahali pa mtumaji. Picha haikusema hivyo. Mahali pale palifunikwa, na kesi yote imesimama juu ya mstari ule uliofichwa: je, ujumbe ulitoka kwa kampuni au kwa namba ya mtu wa kawaida?

Njia iliyo sawa ni kuyaacha maneno ya arifa, lakini kutaja kuwa arifa ilikuwepo na ilifunika nini. Maneno ya mwandishi yawekwe ndani ya mabano ya pembe, yasichanganyike na maneno ya kioo:

```
PICHA YA 1
[juu kabisa] 14:52
[arifa ya kundi la ibada: haihusiki,
 haikunakiliwa; imefunika mtumaji]
Umepokea K45,000
Dakika 6
```

Hatuachi maneno ya arifa kwa uvivu. Arifa hubeba siri za watu wasiohusika: ugonjwa wa ndugu, jina la mtoto, namba ya siri ya kutumika mara moja. Malalamiko husomwa na wengi, na Malawi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2024. Lakini arifa ikitoka kwa yule yule anayelalamikiwa, au ikitaja fedha zile zile, inakiliwe yote, neno kwa neno, na hata ikikatika katikati iandikwe hadi ilipokatikia, kisha "[imekatika]". Vivyo hivyo, namba ya siri ya mara moja ikiwa ndiyo iliyotumika kuiba, andikeni kuwa ilionekana na mtuonyeshe picha yenyewe. Tarakimu zake zisienee kwenye karatasi.

Turudi kwa mama wa mitumba. Nakala ya namna hii inamwambia askari pengo liko wapi. Ataomba simu yenyewe na kuufungua ujumbe bila arifa juu yake. Akikuta mtumaji ni namba ya kawaida na saa ya ujumbe ni 14:46, mambo mawili yamethibitika: ujumbe haukutoka kwa kampuni, na ni ule ule wa picha ya kwanza, kwani 14:52 ukitoa dakika sita ni 14:46. Hesabu isipolingana, huenda ni ujumbe mwingine, au saa ya simu iliguswa.

Tunamalizia kwa maombi mawili. Msiufute ujumbe, hata baada ya kuunakili. Na picha ya awali ibaki katika simu iliyoipiga, kwa kuwa faili lake hubeba saa ya kupigwa. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kumbukumbu hiyo huondolewa. Njooni na simu zote mbili, pamoja na karatasi yenu.