Barua Iliyotafsiriwa Mbona Ina Baridi?
(Mazungumzo na makatibu wa vikundi vya kujisaidia)

Leo nataka tuzungumze juu ya barua. Si kuandika barua mpya, bali ile inayotoka ofisini kwa Kiingereza, kisha mmoja wetu anaambiwa, "Wewe umesoma, hebu itie katika Kiswahili watu wasikie."

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na nimeiharibu mara nyingi. Nitawapa mfano mmoja tu ambao ulinifundisha.

Kikundi fulani kilikuwa kimekopeshwa mbegu za maharagwe. Kila mwanachama alichukua kilo 10 mwezi wa Oktoba, na baada ya kuvuna arudishe kilo 12. Ofisi ya mradi ikaleta barua ya Kiingereza ya kuwakumbusha. Nikaitafsiri neno kwa neno, hivi:

"Wanachama wote wanakumbushwa kwamba marejesho ya mbegu yanapaswa kufanywa ifikapo tarehe 28 Februari. Kushindwa kufanya hivyo kutasababisha kutozingatiwa katika ugawaji ujao. Ushirikiano wenu utathaminiwa."

Nilipomaliza kuisoma mkutanoni, watu walinyamaza kabisa. Halafu mama mmoja mzee akauliza, "Mwanangu, hiyo barua ni ya nani? Na inaongea na nani? Kwani kuna mtu amepelekwa kortini?"

Lile swali lilinishika. Hakuna tusi katika barua ile. Kila neno ni Kiswahili sanifu. Lakini tazameni: "wanakumbushwa" na nani? "Utathaminiwa" na nani? Hayupo. Mwenye kusema amejificha, na msikilizaji pia hayupo, maana wameitwa "wanachama wote" kana kwamba wako mahali pengine. Tena vitendo vimegeuzwa kuwa majina: marejesho, kushindwa, kutozingatiwa. Kiingereza cha ofisini kinapenda mtindo huo, na kwao ni adabu ya kawaida. Ukiuleta kwetu jinsi ulivyo, unasikika kama hukumu. Kwetu mtu humwambia mtu: mimi nakuambia wewe, ufanye hivi.

Halafu kuna lile neno "tafadhali". Wengi tunadhani tukilitia kila mahali, heshima imekuja. Lakini heshima ya Kiswahili iko sana katika kitenzi chenyewe. Sikilizeni tofauti: "Leta mbegu" na "Ulete mbegu." Ya kwanza ni amri tupu. Ya pili imelainika, na hatujaongeza hata neno moja. Ukisema "Tunaomba mlete," imelainika zaidi. Tena Kiingereza hutumia neno lile lile kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, kwa hiyo ni juu yako mtafsiri kujua: hii barua ni ya mama mmoja, au ni ya kikundi? Ukimwambia mtu mmoja "mlete", atatazama nyuma aone nani mwingine anaambiwa.

Sasa niwaambie kosa langu la pili, ambalo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Nilirudi nyumbani nikasema, kumbe barua yataka joto. Nikaandika: "Wapendwa wetu watukufu, ni furaha yetu kubwa isiyo na kifani kuichukua nafasi hii ya dhahabu kuwasalimu kwa heshima na taadhima, tukitumaini kwamba nyote mko salama kama sisi tulivyo..." Ilipofika kwenye mbegu, ilikuwa mstari wa saba. Nilipoisoma watu walicheka, wakapiga makofi. Baadaye nikauliza, "Barua imesema nini?" Mmoja akasema ni mwaliko. Mwingine akasema tunashukuriwa. Tarehe hakuna aliyeishika.

Hayo ndiyo maneno matupu. Ni kama kuongeza maji kwenye uji: sufuria imejaa, lakini mtoto hajashiba. Namna ya kuyatambua ni rahisi. Funika maneno hayo kwa kidole, usome yaliyobaki. Kama hakuna kilichopotea, yafute. Jaribu pia kuuliza: je, maneno haya yangefaa barua ya kikundi chochote, mahali popote? Kama ndiyo, hayana joto. Joto linatoka katika jambo linaloonyesha kwamba ninakujua wewe na shida yako.

Mara ya tatu nikaandika hivi:

"Akina mama na wazee, hamjambo? Habari za mavuno? Zile kilo 10 za maharagwe mlizochukua Oktoba, tunaomba kila mmoja arudishe kilo 12 kwenye stoo ya kikundi, mwisho ni tarehe 28 Februari. Hizo ndizo watakazopewa wenzenu wanaongoja kupanda mvua za masika. Aliyevuna kidogo, aje aongee na mweka hazina kabla ya siku hiyo, wapange pamoja. Asiyeleta wala kuja kuongea, msimu ujao hatapata mbegu. Ni sisi wa ofisi ya mradi."

Hebu tuipime. Salamu ni mbili fupi, na ile ya pili inauliza mavuno, maana hiyo ndiyo habari ya Februari, na ndiyo inayohusu mbegu. Ningeiacha salamu, ningekuwa kama mtu anayeingia boma bila kubisha hodi. Kilo na stoo havikuwamo katika barua ya kwanza, bali vilikuwa katika makubaliano ya mkopo, na msikilizaji anavihitaji. Sababu imetajwa: kuna mwenzako anangoja. Mwisho msemaji amejitaja. Kila sentensi imebeba kitu. Ukiifunika kwa kidole, kuna jambo litapotea.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia sana. Kwanza, adhabu sikuificha. Wengine wakitaka upole huiondoa, na mtu akija kunyimwa mbegu anasema, "Hamkuniambia." Huo si upole, ni kumtega. Pili, ile ruhusa ya aliyevuna kidogo sikuitunga mimi. Nilikwenda ofisini nikauliza, "Na mtu ambaye mvua ilimnyima, afanye nini?" Wakajibu, ndipo nikaandika. Mtafsiri hana mamlaka ya kutoa ahadi kwa niaba ya wengine. Akiona barua haina mlango wa kutokea, aulize mwenye barua kwanza.

Vilevile jihadharini na "sisi" ya uongo. Ningeandika "turudishe mbegu", mngeniuliza, "Kwani wewe ulikopa?" Tumia "tu-" pale tu unapobeba mzigo pamoja nao.

Hata kwenye simu mambo ni hayo hayo. Ujumbe mmoja mfupi una nafasi ya herufi 160, basi salamu iwe moja, jambo, siku, na jina lako. Panatosha.

Kabla hamjatuma, msomeeni mtu mmoja ambaye hajaiona. Mwulizeni: Nani anasema? Anataka nini? Lini? Na nikishindwa, niende kwa nani? Akijibu yote manne bila kuomba usome tena, barua iko tayari. Akikwama, msiongeze maneno matamu, bali rekebisheni pale alipokwama.

Yule mama mzee, niliposoma ile barua ya tatu, hakucheka wala hakupiga makofi. Aliuliza tu, "Stoo inafunguliwa saa ngapi?" Nikajua barua imefika.