Kengele Ikilia, Mbona Tunaketi?



Tulipoalikwa kuzungumzia kengele za hatari, huenda wengi walitarajia tuwakanye kuhusu umati unaopagawa. Sisi tunahofia zaidi umati unaotulia.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani Bibb Latané na John Darley walichapisha matokeo ya jaribio lao. Mtu aliketishwa chumbani ajaze fomu, kisha moshi ukaanza kupenya kupitia tundu la ukutani. Miongoni mwa waliokuwa peke yao, 75 katika kila 100 walitoka kutoa taarifa. Lakini mtu alipowekwa na wenzake wawili waliokwisha kuelekezwa wasijali, ni 1 tu katika kila 10 aliyetoka. Waliosalia walipunga moshi, wakasugua macho, wakaendelea kuandika. Moshi waliuona, kila mmoja alisoma uso wa jirani yake, akahitimisha kuwa hakuna neno.

Ndivyo kengele inavyotuchelewesha. Yowe la kijijini hututoa nje mara moja, kwa kuwa ni sauti ya mtu tunayemfahamu. Kengele haisemi kuna nini, wala twende wapi. Kwa hiyo tunatazamana, tunakusanya mizigo, tunatafuta watoto. Mtafiti Jonathan Sime, aliyechunguza moto wa Summerland katika Kisiwa cha Man wa mwaka 1973, alikuta kuwa watu waliwafuata jamaa zao na kuelekea mlango waliouzoea, hata palipokuwa na mwingine.

Basi tutazame Freedom City, Namasuba, kando ya Kampala, usiku wa kuamkia 1 Januari 2023. Hapakuwa na moto wala shambulio. Mshereheshaji aliwaalika watu watoke nje kutazama fataki, na katika msongamano uliofuata walikufa watu wasiopungua 9, wakiwamo watoto, wengi kwa kukosa pumzi. Tukiita mkasa kama huo "taharuki", tunawalaumu marehemu. Aliye nyuma hamwoni aliyeanguka mbele. Anaona nafasi, anasogea. Watu wakifikia sita hivi katika mita moja ya mraba, hakuna tena anayechagua pa kukanyaga: mwili hubebwa na miili mingine, na kifua hukosa nafasi ya kupanuka. Hapo hata mtulivu kuliko wote hana la kufanya.

Kwa hiyo, mwenye ukumbi wa harusi, kanisa, msikiti au bweni, tunamwomba mambo mawili. Kufuli zitolewe kwenye milango yote kabla mgeni wa kwanza hajaingia, na katikati ya sherehe mtu aipitie na kuisukuma kila mmoja. Kisha, hatari ikitokea, asitegemee kengele pekee. Asimame mtu wanayemjua, aseme: "Jikoni kuna moto. Waliokaa upande wa mwembe, tokeni kwa mlango wa nyuma. Watoto wenu wamekwisha kutolewa, wako uwanjani." Sentensi hiyo ya mwisho, ikiwa ni ya kweli, ndiyo itakayowazuia wazazi wasirudi ndani.