SOMO LA KUANDIKA BARUA: KUPENDEKEZA SAFARI YA KIKUNDI

Shikeni kalamu na karatasi, maana leo tunaandika barua yenye hesabu ndani yake.

Tuchukue mfano huu. Kipo kikundi cha watu 20 huko Temeke, Dar es Salaam. Kila mwezi huweka akiba, na mwisho wa mwaka husafiri pamoja. Mwaka jana walipanga safari na kugawa nauli ya gari kwa watu 20. Wiki ya mwisho watu wanne walijitoa. Bei ya gari haikupungua, kwa hiyo waliobaki waliambiwa waongeze fedha. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyeweka akiba mwaka mzima bila kukosa mwezi, hakuwa na fedha ya kuongeza. Gari likaondoka, yeye akabaki barazani.

Sasa mwanachama mmoja anapendekeza safari ya mwaka ujao. Sikilizeni barua yake.

*Ndugu Mwenyekiti na wanachama wenzangu,*

*Salaam. Naomba mwakani twende Kilwa Kisiwani, siku tatu, mwishoni mwa Septemba.*

*Sababu ya kwanza ni mahali penyewe. Huko upo Msikiti Mkuu wa kale, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na magofu ya jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika habari zake. Watoto wetu huyasoma haya shuleni. Nasi tukayaone kwa macho yetu.*

*Sababu ya pili ni njia. Kutoka hapa hadi Kilwa Masoko ni yapata kilomita 300 za barabara, kisha tunavuka kwa mashua, mwendo mfupi. Nimechagua Septemba kwa kuwa masika yamepita na upepo wa kusi unapungua nguvu. Mnakumbuka Mei 2024, mvua ziliikata barabara hiyo huko Somanga.*

*Gharama za pamoja ni hizi: gari shilingi 1,400,000, mashua mbili 120,000, mwongozaji 80,000. Jumla ni 1,600,000. Bei ya gari nimeuliza. Hizo nyingine nimekadiria.*

*Gharama za kila mtu ni hizi: kulala siku mbili 40,000, chakula 36,000, kibali na kiingilio 4,000. Jumla ni 80,000. Hizi pia ni makadirio, na nitaziuliza kabla ya mkutano.*

*Naomba tuhesabu kwa watu 16, wala si 20. Kila mmoja atatoa 180,000, yaani 20,000 kila mwezi, kuanzia Desemba hadi Agosti. Atakayejitoa baada ya tarehe 30 Juni arudishiwe akiba yake, ila 100,000 za gharama za pamoja zibaki. Akiwa na ugonjwa au msiba, mkutano uamue.*

*Mimi mwanachama wenu.*

Haya, tuitazame barua hii. Kwa nini mwandishi ametenga gharama mafungu mawili? Chakula cha asiyekwenda hakinunuliwi, kwa hiyo fedha yake haipotei. Lakini gari ni lile lile, likiwa limejaa au lina viti vitupu. Gawanyeni 1,600,000 kwa watu 20: mnapata 80,000. Sasa gawanyeni kwa watu 16: mnapata 100,000. Tofauti kama hiyo ndiyo iliyomwacha yule mama barazani.

Mwandishi ameihesabu tangu mwanzo. Wakienda 16, fedha zinatosha. Wakienda wote 20, kila mmoja anabakiwa na 20,000 ya kununulia samaki wa kupeleka nyumbani. Wakipungua chini ya 16, fedha hazitoshi tena. Ndiyo maana ametaja tarehe 30 Juni: siku hiyo wahesabiane, kabla ya kumlipa mwenye gari malipo ya awali.

Tazameni tena: amesema bei ipi ameuliza na ipi amekadiria. Asingesema, wenzake wangedhani zote ni za hakika, na bei moja ikipanda wangemwona mwongo.

Kuna jambo moja amelisahau. Kibali cha kuzuru magofu huchukuliwa Kilwa Masoko, kabla ya kuvuka. Hakusema nani atakifuata. Wakifika jioni ofisi imefungwa, watasubiri hadi kesho yake. Ongezeni sentensi moja ya kumtaja mtu wa kazi hiyo.

Zoezi la nyumbani: andikeni barua kama hii kwa kikundi cha watu 12. Gharama za pamoja ni shilingi 600,000. Fanyeni hesabu ya watu 12, kisha ya watu 10, mkaseme ni ipi mtakayoiandika baruani na kwa nini.