Moto ya magazini ao moto ya mutu?

Maneno tuliyosema mbele ya wanamemba, Lubutu



Mulituuliza franga ya moto ya kwanza ilipotelea wapi, na sababu gani ile ya pili tuliilipia bei kubwa vile. Tutasema yote, maana ni franga yenu.

Moto ya kwanza tuliinunua kwa mutu, hapa hapa Lubutu, dolari 700. Mupya ya aina ile ile, magazini za Kisangani zilikuwa zinaomba 1.250. Ile tofauti ya dolari 550 ilitufunga macho. Fundi wetu aliiwasha, akasikiliza motere, akaangalia moshi na shene, akasema iko muzuri. Na kweli ilikuwa muzuri. Kijana akatupa fakture, tukaandikishana karatasi, tukalipa.

Kisha wiki tatu, mwenye moto akafika kutoka upande wa Walikale na karte roze mukononi. Kumbe yule kijana alikuwa dereva wake tu, mwenye kumupelekea franga ya kila siku. Polisi walisoma namba ya shasi, wakailinganisha na karte roze, na moto ikaenda na mwenyewe. Kijana hatujamuona tena mupaka leo.

Kosa lilikuwa letu. Tuliangalia motere, hatukuangalia majina. Fakture ilikuwa na jina moja, karte ya muchaguzi ya kijana ilikuwa na jina lingine. Alisema "ni ya kaka yangu", nasi tukanyamaza, hata hatukuomba kaka aitwe kwenye simu. Tena ile fakture iliandika aina na rangi tu. Fakture isiyo na namba ya shasi inaweza kusindikiza moto yoyote ya rangi ile.

Namba yenyewe si siri. Imepigwa kwenye chuma ya shingo, pale usukani unapogeukia, na motere iko na yake pembeni. Futa vumbi, pitisha kidole. Kama chuma imekwaruzwa, ao tarakimu moja imeinama kuliko zingine, ao rangi ya pale tu ni mupya, usiendelee hata bei ikishuka.

Sasa moto ya pili. Tulienda Kisangani, karibu kilometa 240, tukanunua magazini kwa 1.250. Lakini musifikiri kule mutu anasinzia tu! Kwanza walitupa karatasi ndogo ya kutoa mali, haina jina letu wala namba. Tukakataa kutoka. Tulingoja mupaka mchana, wakaandika fakture kamili: jina la shirika, namba ya shasi, namba ya motere, muhuri. Karatasi ya duane tukaomba pia, maana bila ile, kupata karte roze na plake ni mateso.

Halafu garanti. Watu wanaipenda sana hii neno. Yetu ilisema miezi sita, motere peke yake. Pinyo, breki na shene hapana. Na ilisema mafuta ya motere ya kwanza yabadilishwe kwa gereji yao, kwenye kilometa 500. Ebu muhesabu: kurudi Lubutu 240, kwenda tena Kisangani 240, ni 480 tayari. Maana yake moto ifike nyumbani na igeuke mara moja, bila kubeba hata mukliya mumoja. Tuliomba waandike kwa kalamu, juu ya ile ile garanti, kwamba fundi wa Lubutu anaweza kubadilisha kwa mafuta ya aina yao, nasi tuchunge risiti. Waliandika, wakapiga muhuri. Wangetuambia kwa mudomo tu, tungekuwa tumenunua karatasi.

Basi wengine wanauliza kama hatutanunua tena kwa mutu. Hatukusema vile. Mutu mwenye moto yake, mwenye fakture na karte roze kwa jina lake, mwenye kukubali tuende naye ofisi ya kartie na mashahidi wawili, huyo anaweza kutufaa kuliko magazini, na franga inayobaki itatengeneza segma na shene zikichoka. Ila yule wa picha ya WhatsApp, anayeomba avansi kwa M-Pesa ao Airtel Money kabla hamujagusa moto, muache apige simu mupaka achoke.

Kuna memba amepata moto ya tatu, dolari 750, ya mutu wa hapa katikati. Komite imeomba mwenyewe afike Siku ya Posho na karatasi zake, si dereva, si shemeji. Mupaka hapo franga iko kwenye sanduku, na funguo mbili ziko kwa wamama wawili munaowajua.