Mgonjwa wa Kichwa Asimamishwe: Jicho, Refleksi na Mwendo katika Uchunguzi wa Neva
Mada kwa semina ya matabibu, Isaka



Hapa Isaka, ambapo reli ya Tabora hadi Mwanza inakutana na malori ya bandari kavu yaendayo Rwanda na Burundi, mgonjwa wa kichwa mara nyingi ana haraka. Lori linamsubiri, naye anataka vidonge aondoke. Basi nitamzungumzia mgonjwa mmoja tu wa mfano: utingo wa miaka 24, anaumwa kichwa wiki ya tano sasa. Maumivu humzidi alfajiri anapoamka, na akishatapika hupata nafuu kidogo. Amekwishameza dawa za malaria mara mbili ingawa kipimo hakikuona malaria. Hana homa, shingo haijakakamaa, shinikizo la damu ni la kawaida. Maumivu ya alfajiri yanayoandamana na kutapika hutufanya tushuku kwamba shinikizo limepanda ndani ya fuvu, na hapo ndipo uchunguzi unapoanza.

Tuanze na jicho. Funga pazia, mwambie atazame mbali ukutani na asihangaike na mwanga wako. Jicho lake la kulia litazame kwa jicho lako la kulia, la kushoto kwa la kushoto, la sivyo mtagongana pua. Anza umbali wa mkono mmoja, ukiwa pembeni kidogo, uone mng'ao mwekundu wa mboni, kisha usogee hadi karibu umguse. Ukiona mshipa wa damu, ufuate unakozidi kuwa mnene. Utakufikisha kwenye kichwa cha neva ya jicho. Kikiwa kizima kina rangi ya waridi iliyofifia na kingo zinazoonekana wazi. Kwa utingo wetu kingo zimefutika pande zote mbili, vena zimejaa, na kuna vidoa vya damu kandokando. Hata hivyo, ukimuuliza atakuambia anaona vizuri, kwa sababu uvimbe huu mwanzoni hauharibu kuona. Wanaotosheka na swali hilo hukosea hapa. Wapo pia wanaokosea kinyume chake: uvimbe huchukua muda kujitokeza, kwa hiyo kingo safi leo hazithibitishi kwamba ndani ya fuvu kuna usalama.

Kwenye refleksi, kinachotafutwa ni tofauti kati ya kulia na kushoto. Goti linaloruka sana pande zote mbili linaweza kuwa maumbile ya mtu huyo, lakini la kushoto likiruka kuliko la kulia, lazima ujiulize kwa nini. Kisha kwaruza unyayo kwa ukingo wa nje, kutoka kisigino kuelekea kidole cha mwisho. Kwa mtu mzima dole gumba la mguu hukunjika kwenda chini. Likiinuka, njia ya neva kutoka ubongoni imeguswa. Wachimbaji na wapagazi wetu wana nyayo ngumu, hivyo kwaruza kwa nguvu ya kutosha kabla ya kuandika kwamba hakuna jibu. Refleksi za utingo huyu ni sawa kote, madole yanakwenda chini. Akiwa kitandani anagusa pua yake na kidole chako bila kukosea, na nguvu zake ni kamili.

Wengi huishia hapo. Msimamishe. Mwambie avuke chumba, ageuke, arudi. Anatembea akiwa ametanua miguu, na anapogeuka anayumba. Mwambie aweke kisigino mbele ya kidole cha mguu wa nyuma, hatua kumi. Hatua ya tatu anaanguka mikononi mwako, kwa hiyo usikae mbali. Sehemu ya katikati ya ubongo mdogo, ule wa kisogoni, huongoza kiwiliwili na mwendo. Ikiumia, mikono na miguu yaweza kuwa salama kabisa mgonjwa akiwa amelala. Uvimbe mahali hapo huziba njia ya maji ya ubongo, na ndiyo sababu kichwa kinauma na jicho limevimba ndani. Mitaani watasema amelewa.

Ukanda wetu wa dhahabu una jambo lake. Anayechoma zebaki ili kupata dhahabu naye anaweza kutetemeka na kuyumba, kwa hiyo muulize kazi yake. Lakini zebaki haielezi kichwa cha neva ya jicho kilichovimba. Usiishie kwenye jibu hilo.

Uchunguzi huu hautuambii kama ni saratani au kifua kikuu cha ubongo. Unatuambia tatizo liko wapi, na kwamba mgonjwa hapaswi kusubiri. Asichomwe sindano ya kutoa maji ya uti wa mgongo kabla ya picha ya ubongo, kwani shinikizo likishuka ghafla chini, ubongo unaweza kusukumwa kwenye tundu la fuvu akaacha kupumua. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha siti skani, kama Bugando kule Mwanza, na asisafiri peke yake juu ya lori.

Ombi langu ni hili: katika kila barua ya rufaa ya mgonjwa wa kichwa, andikeni mistari mitatu, ya jicho, ya refleksi na ya mwendo. Ambacho hamkukipima, andikeni kwamba hakikupimwa.