Dola Ngapi Mwisho? Kupanga Dau la Ditekta kwa Bei za Zilizouzwa

Wachimbaji wadogo wa ukanda huu wanaijua ditekta ya GPX 5000 ya Minelab ya Australia. Mpya ni ghali, kwa hiyo wapo wanaochangishana na kuitafuta iliyotumika kwenye mnada wa eBay. Mada yangu hapa Kolandoto ina swali moja tu: tukiiona, tuishie dola ngapi?

Bei iliyobandikwa haitujibu, maana muuzaji anaweza kuandika 3,000 na mashine ikalala mwaka mzima. Tafuta jina la mashine, kisha weka alama kwenye Sold Items. Zitabaki zilizopata mnunuzi, kwa kawaida ndani ya siku 90 zilizopita. Fungua moja moja usome maelezo.

Nitumie mfano wa kubuni. Umepata saba, bei zikiwa pamoja na usafirishaji wa ndani ya Marekani: 900, 1,450, 1,600, 1,650, 1,725, 2,050 na 2,600. Ya 2,600 ilikwenda na koili tatu, ya 1,450 haina betri. Zote mbili si za kulinganisha na unayoitaka. Ya 2,050 imekatwa mstari na kuandikwa Best offer accepted: muuzaji alikubali pungufu ya hapo, na kiasi hakionekani. Ya 900 inajiita mpya kabisa. Hiyo iogopeni, kwani GPX bandia zimesambaa sana Afrika, na bei ya bandia haipimi mashine halisi. Zimebaki tatu, na ya katikati ni 1,650. Tatu ni chache, lakini zimekaribiana. Zingeachana sana ningeshika ya chini.

Sasa irudie ile unayoitaka. Haina chaja, toa 100. Kuifikisha kwa wakala wako kulekule Marekani ni 50. Soko linakuruhusu dau la 1,500.

Lakini bei ya Geita inaweza kulikataa dau hilo. Tuseme mashine kama hiyo inapatikana Geita kwa dola 1,950, na wakala anatoza 170 kuileta. Jumlisha 1,500, 50 na 170, kisha weka kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18: unakaribia 2,030. Umepita. Ukirudi nyuma kutoka 1,950, dau linashuka hadi 1,432, na ushuru wa forodha ukiwepo litashuka zaidi. Muulizeni wakala wa forodha kabla ya mnada.

Kiasi hicho kiandike mara moja. eBay itakupandishia hatua kwa hatua: mpinzani akikoma 1,300, utalipa 1,325. Kinachovuruga hesabu ni dakika za mwisho, mwanakikundi anapopiga simu akisema ongeza hamsini. Anayebofya asiwe na simu ya kupokea. Tena msiikate 1,432 iwe 1,430. Wengi huishia kwenye namba kamili, na madau mawili yakilingana, eBay humpa aliyetangulia.