Gawanya kwa Nani?

Juma lililopita tulizungumza juu ya kukusanya majibu ya wanafunzi. Leo fomu ziko mezani, na kazi ni kuzihesabu.

Tuchukue mfano wa kutungwa. Walimu wawili wa kambini wamewauliza wanafunzi: "Je, wiki iliyopita ulikosa shule hata siku moja?" Fomu zilizorudi ni 84. Nne hazina jibu la swali hilo. Ziweke kando, lakini andika kwamba zilikuwepo. Zimebaki 80. Chora jedwali:

| | Walikosa | Hawakukosa | Jumla |
|---|---|---|---|
| Wavulana | 18 | 30 | 48 |
| Wasichana | 16 | 16 | 32 |
| Wote | 34 | 46 | 80 |

Ukitazama safu ya kwanza haraka utasema wavulana ndio wanaokosa zaidi, kwa kuwa 18 ni wengi kuliko 16. Lakini wavulana walioulizwa ni wengi pia. Gawanya kila kundi kwa jumla yake lenyewe, kisha zidisha kwa 100. Wavulana: 18 gawanya kwa 48, ni asilimia 38 hivi. Wasichana: 16 gawanya kwa 32, ni asilimia 50. Picha imegeuka! Kwa hiyo kila unapoandika asilimia, jiulize: asilimia ya nani?

Swali hilo hilo linarudi kwenye sababu. Tuseme kati ya wasichana 16 waliokosa, 10 walitaja kuchota maji. Hiyo ni asilimia 63 ya waliokosa, lakini ni asilimia 31 tu ya wasichana wote walioulizwa. Zote mbili ni sahihi, mradi useme ni ipi. Na kama mwanafunzi aliruhusiwa kutaja sababu mbili, asilimia za sababu zinaweza kupita 100 zikijumlishwa. Usishtuke, ila mweleze msomaji.

Kwa kundi dogo namna hii, achana na desimali. Msichana mmoja kati ya 32 ni asilimia 3. Akibadili jibu lake, 50 inakuwa 53 au 47.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali halilionyeshi. Fomu ziligawiwa darasani, basi mtoto ambaye siku hiyo hakuja hakuulizwa. Wanaokosa sana ndio walioachwa nje, na huenda hali halisi ni mbaya kuliko hesabu yetu.

Matokeo yaandikwe hivi: "Kati ya wasichana 32 waliojibu, 16 (asilimia 50) walikosa shule angalau siku moja, kati ya wavulana 48, ni 18 (asilimia 38). Wasichana 10 kati ya 16 waliokosa walitaja kuchota maji. Fomu 4 hazikuwa na jibu. Wanafunzi ambao hawakuwepo siku ya utafiti hawakuulizwa." Usiandike "wasichana wa kambi hii", maana mmeuliza shule moja tu.